Namba zilezile, majibu mawili: konvaji absoluti na konvaji kwa masharti

*"Mwalimu shikamoo. Nimejumlisha 1 - 1/2 + 1/3 - 1/4 + ... kwa kompyuta nikapata 0.693. Rafiki yangu kachukua namba hizohizo ila kazipanga chanya moja, hasi mbili, chanya moja, hasi mbili, akapata 0.3466, nusu kabisa ya jibu langu. Tumekagua, hakuna namba iliyoachwa wala kurudiwa. Nani kakosea? Na la pili, kwenye mtihani nililinganisha (-1)^n/(√n + (-1)^n) na (-1)^n/√n, uwiano wao unaenda 1, nikaandika mfululizo unakonvaji, nikapewa sifuri. Naambiwa yote mawili yanatokana na absoluti na masharti lakini sioni yanaunganaje."*

Marahaba. Hakuna aliyekosea kati yenu wawili, na kompyuta nayo haijakosea. Jibu lako ni ln 2, yaani 0.693147 na kuendelea, la rafiki yako ni nusu ya ln 2, na yote mawili ni sahihi kila moja kwa mpangilio wake. Ile sifuri ya mtihani ndo ilikuwa na kosa la kweli, na ntakuonyesha liko wapi, ila tuanze na la rafiki yako kwasababu ukilielewa hilo la pili linakuwa jepesi.

Kwanza tuhakikishe kweli hajaficha namba. Kwenye mpangilio wake kila fungu lina namba tatu: 1 - 1/2 - 1/4, alafu 1/3 - 1/6 - 1/8, alafu 1/5 - 1/10 - 1/12, anaenda hivyohivyo. Ukiniuliza 1/9 iko wapi nakwambia ni chanya ya tano kwahiyo inafungua fungu la tano, nafasi ya 13 kwenye foleni yake. Kwenye foleni yako ilikuwa nafasi ya 9. Nitajie namba yoyote ile na ntakwambia imekaa nafasi ya ngapi kwake, kila moja ina nafasi yake na ni moja tu. Kwahiyo hoja ya "ameacha kitu" haipo.

Sasa kinachowachanganya ni ile sheria tuliyoizoea tangu darasa la kwanza, kwamba kujumlisha hakujali mpangilio, 3 + 5 ni sawa na 5 + 3. Ni kweli, ila ile sheria inaongelea namba zinazohesabika zikaisha. Namba zikiwa hazina mwisho hakuna mtu anayeweza kuzijumlisha zote, hata kompyuta haiwezi. Tunachofanya ni kujumlisha moja moja kwa kufuata foleni na kuangalia jumla ya mpaka hapo inaelekea wapi: 1, alafu 0.5, alafu 0.8333, alafu 0.5833, alafu 0.7833, inapanda na kushuka na mruko unazidi kuwa mdogo mpaka inajibana kwenye 0.6931. Hicho kinachoelekewa ndo tunakiita jumla, ni kikomo. Na kikomo kinategemea foleni kwasababu ukibadilisha foleni jumla za mpaka hapo zinakuwa zingine kabisa. Kwahiyo swali la haki sio "kwanini mpangilio umebadilisha jibu", swali ni kwanini mara nyingi haubadilishi.

Hapo ndo nataka ukae na mimi kidogo maana hesabu yenyewe ni fupi na inaonyesha kila kitu. Chukua mafungu manne ya rafiki yako. Atakuwa ametumia chanya nne, 1, 1/3, 1/5, 1/7, na hasi nane, kuanzia 1/2 mpaka 1/16. Jumla yake hapo ni 0.3173. Wewe ukifika namba ya 16 umetumia hasi zilezile nane, mpaka 1/16, lakini chanya umetumia nane sio nne, na jumla yako ni 0.6629. Tofauti yenu ni zile chanya nne ambazo yeye bado hajazilipa: 1/9 + 1/11 + 1/13 + 1/15, ambazo ni 0.3456. Jumlisha 0.3173 na 0.3456 unapata 0.6629 kamili. Kwahiyo pengo lote lina maelezo, ni deni. Rafiki yako anatoa haraka na kuongeza polepole, kwahiyo kila wakati kuna chanya anazodaiwa.

Utasema sawa lakini deni si litalipwa baadaye? Zile nne anazilipa kweli, 1/9 inaingia fungu la tano kama nilivyosema. Tatizo ni kwamba akifika kulipa hizo, deni jipya limeshaingia. Akiwa na mafungu 1000 anadaiwa chanya 1000, kuanzia 1/2001 mpaka 1/3999. Kila moja ni ndogo sana lakini ziko elfu, na kila moja ni kubwa kuliko 1/4000, kwahiyo elfu moja za hivyo lazima zizidi robo. Ukizijumlisha kabisa unapata karibu 0.3466. Mafungu milioni, hivyohivyo, chanya milioni kila moja inazidi 1/4,000,000, deni linazidi robo. Kila namba inalipwa kwa wakati wake lakini deni lenyewe halipungui, linasogea mbele tu, na linatulia kwenye nusu ya ln 2. Ndo maana jumla yake imepungua kwa kiasi hichohicho.

Kama unataka kuona kwa macho endesha hii, ni mpangilio wa rafiki yako kwa mafungu 1000:

```
s = 0.0
chanya, hasi = 1, 2
for i in range(1000):
    s += 1/chanya - 1/hasi - 1/(hasi + 2)
    chanya += 2
    hasi += 4
print(s)
```

Itakupa 0.3464 na kitu. Ongeza hadi milioni itasogea karibu zaidi na 0.34657, haitarudi kamwe kwenye 0.693.

Sasa fanya mchezo uleule kwa mfululizo mwingine, 1 - 1/4 + 1/9 - 1/16 + ..., yaani zilezile za mwanzo ila kila namba ya chini imezidishwa kwa yenyewe. Kwa mpangilio wa kawaida jumla yake ni π²/12, karibu 0.8225. Mpe rafiki yako azipange chanya moja hasi mbili. Baada ya mafungu 1000 anadaiwa chanya 1000 vilevile, idadi haijabadilika, lakini safari hii ya kwanza ni 1 gawanya kwa 2001 mara 2001 na zinazofuata ni ndogo zaidi, kila moja iko chini ya 1/4,000,000. Elfu moja za hizo haziwezi kuzidi 1/4000. Kwa mafungu milioni deni haliwezi kuzidi 1/4,000,000. Deni linakufa lenyewe, na jibu linabaki 0.8225 hata azipange anavyotaka.

Hiyo ndo tofauti yenyewe, na maneno sasa yanaeleweka. Chukua mfululizo wako, futa alama zote za kutoa ili kila namba iwe chanya, alafu uliza kama jumla bado inatulia. Ikitulia, mfululizo wa mwanzo tunasema unakonvaji kiabsoluti. Zile za 1/4, 1/9, 1/16 ukifuta alama unapata π²/6, karibu 1.645, kwahiyo ni absoluti. Maana yake ukienda mbele vya kutosha mkia wote uliobaki, hata ukiuhesabu kwa ukubwa wake bila msaada wa kufutana, ni mdogo kuliko chochote utakachotaja, na deni lolote lazima litoke kwenye huo mkia, kwahiyo haliwezi kuwa kubwa. Lakini kama ukifuta alama jumla inakwenda bila mwisho, wakati ukiwa na alama inatulia, basi unakonvaji kwa masharti. Sharti lenyewe ni foleni uliyopewa. Ukiivunja foleni hakuna aliyekuahidi jibu.

Mfululizo wako ni wa aina ya pili kwasababu 1 + 1/2 + 1/3 + 1/4 + ... haina mwisho, na sababu yake ni nzuri na ya zamani, Nicole Oresme aliionyesha karne ya 14: 1/3 + 1/4 inazidi nusu, nne zinazofuata mpaka 1/8 zinazidi nusu, nane zinazofuata mpaka 1/16 zinazidi nusu, na unaweza kuendelea kukusanya nusu milele. Na angalia kitu cha muhimu zaidi, hasi zako peke yake, 1/2 + 1/4 + 1/6 + ..., ni nusu ya huo mfululizo kwahiyo nazo hazina mwisho, na chanya zako peke yake, 1 + 1/3 + 1/5 + ..., kila moja ni kubwa kuliko hasi inayoifuata kwahiyo nazo hazina mwisho. Yaani ile 0.693 yako sio kiasi fulani kilichotolewa kiasi kingine. Ni ghala mbili zisizoisha, moja inavuta juu na nyingine inavuta chini, na 0.693 ni matokeo ya mwendo uliochagua wa kuchota moja huku moja kule. Kwenye mfululizo wa absoluti hakuna kitu kama hicho, ghala zote mbili zina mwisho, jumla ya chanya ni namba, jumla ya hasi ni namba, unatoa unamaliza.

Dirichlet aliligusa jambo hili mwaka 1837, na Riemann kwenye kazi yake ya mwaka 1854, iliyochapishwa 1867 baada ya yeye kufariki, akalipeleka mpaka mwisho: mfululizo wowote wa namba halisi unaokonvaji kwa masharti unaweza kuupanga upya ukupe jumla yoyote unayoitaka. Yoyote kabisa. Na njia yake ni rahisi mpaka inashangaza, ghala mbili zisizoisha ndo zinaifanya iwezekane. Tuseme unataka 2. Chota chanya mpaka upite 2: 1 + 1/3 + 1/5 mpaka 1/15, ni chanya nane, na uko 2.0218. Umepita, chota hasi moja, 1/2, umeshuka 1.5218. Uko chini, chota chanya tena, 1/17, 1/19, 1/21, zitaingia 13 mpaka 1/41 ndo unapita, uko 2.0041. Chota hasi, 1/4, umeshuka 1.7541. Rudi kwenye chanya. Huwezi kukwama katikati kwasababu ghala ya chanya haiishi, kila ukiwa chini itakufikisha juu tu. Na kila ukivuka 2, unavuka kwa kiasi kisichozidi namba uliyochota mwisho, na namba zinazidi kuwa ndogo, kwahiyo unajibana kwenye 2 yenyewe. Ukiendelea sana utakuta kila hasi moja inahitaji kama chanya 13 au 14 kuifidia, kwa wastani ni e⁴/4, karibu 13.65. Ungetaka 100 ungepata 100, chanya za kusubiri tu ndo zingekuwa nyingi kupita kiasi.

Naomba usitoke hapa na hofu kwamba huwezi kugusa chochote, nimeona wanafunzi wakipitiliza upande huo pia. Kubadilishana namba chache, hata milioni, alafu foleni iliyobaki ikaendelea kama kawaida, haibadilishi jumla, kwasababu baada ya hapo jumla za mpaka hapo zinarudi zilezile. Kuweka mabano bila kubadilisha mpangilio nako ni salama kwa mfululizo unaokonvaji, unakuwa unaruka baadhi ya jumla za njiani tu. Kinyume chake ndo hatari, kutoa mabano: (1 - 1) + (1 - 1) + ... ni sifuri lakini ukitoa mabano jumla inaruka 1, 0, 1, 0 haitulii. Kinachokuletea deni lisilokufa ni kupanga upya namba zisizo na mwisho huku baadhi zikisogezwa mbali zaidi na zaidi, kama 1/9 iliyosogea nafasi 4, 1/2001 kwa rafiki yako iko nafasi ya 3001, imesogea 1000.

Sasa mtihani wako. Sijui nimeshasahihisha kosa hili mara ngapi, na huwa linauma kwasababu mwanafunzi anakuwa amefanya kazi yote vizuri, hesabu ya uwiano ni sahihi kabisa, kweli unaenda 1. Na kweli (-1)^n/√n unakonvaji, alama zinapishana na ukubwa unashuka kwenda sifuri, jaribio la Leibniz linatosha. Ila jaribio la kulinganisha kwa uwiano limejengwa kwa ajili ya namba zote chanya. Pale likisema mbili hizi zina ukubwa sawa huko mbali, jumla zao nazo zinaenda pamoja, maana hakuna kufutana, ukubwa ndo kila kitu. Wewe umelitumia kwenye mfululizo unaoishi kwa kufutana, na huo ni wa masharti, ukifuta alama 1/√n haina mwisho.

Tuufungue tuone. Anza na n = 2. Namba za kwanza ni +0.4142, -1.3660, +0.3333, -0.8090, +0.2899, -0.6076, +0.2612, -0.5. Angalia hasi zilivyo kubwa kuliko chanya zilizotangulia. Alama zinapishana ndio, lakini ukubwa haushuki, unapanda unashuka, kwahiyo hata Leibniz hapa hasimami. Zijumlishe mbili mbili: -0.9518, -0.4757, -0.3177, -0.2388. Zidisha ya kwanza kwa 1, ya pili kwa 2, ya tatu kwa 3, ya nne kwa 4, utapata 0.952, 0.951, 0.953, 0.955, zote hasi. Unaona zinafanana na nini? Ni -1, -1/2, -1/3, -1/4 zilizopunguzwa kidogo. Kila jozi inakuvuta chini kama mfululizo wa Oresme, na ule tunajua hauna mwisho. Kwahiyo mfululizo wa mtihani unadaivaji, unashuka polepole bila kusimama, na kwa mwendo wa logi usingeuona kwa kujumlisha namba mia.

Kwa karatasi ni hatua moja. Zidisha juu na chini kwa √n - (-1)^n. Chini inakuwa n - 1, na juu inagawanyika vipande viwili, kwahiyo

(-1)^n/(√n + (-1)^n) = (-1)^n √n/(n - 1) - 1/(n - 1)

Kipande cha kwanza kinapishana alama na ukubwa wake unashuka kwenda sifuri, kinakonvaji kwa Leibniz. Kipande cha pili ni 1 + 1/2 + 1/3 + ... chenye alama ya kutoa, kinadaivaji. Kinachokonvaji ukijumlisha na kinachodaivaji unapata kinachodaivaji. Hayo ndo majibu waliyokuwa wanayataka.

Na hapa ndo maswali yako mawili yanakutana. Ukilinganisha kile kipande cha 1/(n - 1) na namba kubwa ya 1/√n, ni kidogo mno, n ikiwa 10,000 ni sehemu moja ya mia tu, ndo maana uwiano ulikwambia 1. Lakini kile kikubwa kinafutana chenyewe kwa chenyewe, kesho chanya keshokutwa hasi, na hiki kidogo kina alama moja siku zote, hakifutiki, kinajikusanya. Kwenye mfululizo wa absoluti kitu ambacho ni kidogo ukilinganisha na namba zenyewe kinabaki kidogo hata kwenye jumla. Kwenye wa masharti hakuna dhamana hiyo, kidogo kinaweza kumeza kikubwa, sawasawa na lile deni la rafiki yako lililotengenezwa na vinamba vya chini ya 1/2000 likabeba nusu ya jibu. Ungepewa (-1)^n/(n² + (-1)^n) ungefuta alama kwanza, ukalinganisha na 1/n², ukamaliza kwa mstari mmoja bila wasiwasi.

Kwahiyo ukikutana na mfululizo wenye alama mchanganyiko, kabla ya kugusa chochote futa alama uulize swali la kwanza. Ikikonvaji, linganisha, panga upya, zidisha na mwingine, uko huru. Ikidaivaji, andika pembeni "masharti au hakuna kabisa" alafu tumia Leibniz au igawanye kama tulivyofanya hapo juu, na usiguse jaribio la kulinganisha kwa uwiano wala usipange upya bila kuhesabu deni. Leibniz nayo ihakikishe sharti la kushuka, sio kupishana alama peke yake, maana hilo ndo watunga mitihani wanalopenda kulitegea.

Jambo hili sio la mitihani tu. Kwenye chumvi, ioni za sodiamu na kloridi zimepangwa kama drafti ya pande tatu, na ukitaka nishati inayoshika ioni moja unajumlisha mivuto na misukumo ya jirani zake zote, kila moja ikigawanywa kwa umbali. Alama zinapishana na ukizifuta jumla haina mwisho, yaani masharti. Ukijumlisha kwa tufe linalokua, jirani 6 wa karibu kwanza, alafu 12 wa umbali √2, alafu 8 wa √3, na kuendelea, jumla za mpaka hapo ni 6, -2.49, 2.13, -0.87, 9.87, 0.07, zinarukaruka na hazitulii hata uende mbali vipi. Ukijumlisha kwa mchemraba unaokua zinatulia kwenye 1.7476, namba inayoitwa kwa jina la Madelung na ndo inayotumika. Ioni ni zilezile, kwahiyo pale mpangilio wa kujumlisha ni sehemu ya swali lenyewe na inabidi useme unajumlisha kwa umbo gani.

Kuna kitu kimoja siwezi kukusaidia kwa maandishi. Kama ile hoja ya "mkia mdogo kuliko chochote utakachotaja" bado inateleza, yaani unaikubali lakini huwezi kuiandika mwenyewe ukiwa na karatasi tupu, nenda kwa mwalimu wako wa somo na hiyo karatasi ya mtihani, kaa naye nusu saa uandike yeye akiangalia. Tatizo la namna hiyo linaonekana kwenye mstari wa pili au wa tatu wa mwandiko wako na anayeliona ni yule aliyekaa pembeni yako.

Kwa sasa mpe rafiki yako kazi hii. Apange chanya mbili, hasi moja: 1 + 1/3 - 1/2 + 1/5 + 1/7 - 1/4 na kuendelea. Safari hii hasi ndo zinachelewa, baada ya mafungu 1000 zinadaiwa hasi 1000, kuanzia 1/2002 mpaka 1/4000. Azijumlishe hizo peke yake kwanza, kabla ya kugusa kompyuta kwa mfululizo mzima. Atapata karibu 0.3464, akiongeza mafungu itasogea kwenye nusu ya ln 2, na kutoka hapo anaweza kutabiri jibu lake, 0.6931 + 0.3466 ni 1.0397, alafu ndo aendeshe kuhakikisha.